Wakati dawa ya kansa inatoka nje ya mushipa

Tuseme mama mumoja wa Sandoa amefika mpaka Lubumbashi kutunziwa kansa ya titi. Wamemufunga serumu kwenye mukono, na muuguzi anamupatia doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa rangi yake. Gafula mama anasema: “Mama munganga, hapa kunaniunguza.”

Muuguzi hangojei. Anasimamisha dawa palepale, kisha anaangalia: kuko uvimbe pembeni ya sindano? Dawa inaingia kwa shida? Akivuta sindano nyuma, damu inarudia? Hata kama damu inarudia, haimaanishi kwamba kila kitu kiko sawa, kwani ncha ya sindano inaweza kuwa nusu ndani, nusu inje. Mara ingine kunatokea mustari mwekundu unaowasha juu ya mushipa, bila uvimbe, na unapotea kisha muda mufupi. Hiyo ni mushipa tu unakasirika. Lakini mpaka ahakikishe, dawa inabaki imefungwa.

Kosa moja kubwa ni kuchomoa sindano mbio. Sherti ibaki kwanza. Muuguzi anatosha mupira wa serumu, anaweka bomba tupu ndogo, na kuvuta polepole dawa yote inayoweza kurudi. Kisha ndipo anachomoa. Hafinyi mahali pale, hakandi, maana kukanda kunatawanya dawa. Anachora kwa biki mupaka wa uvimbe ili kesho waone kama unapanuka, na mukono unainuliwa juu kupita moyo.

Sasa ni baridi ao moto? Inategemea dawa. Kwa doksorubisini ni barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara ine kwa siku, ili dawa ibaki mahali pamoja. Kwa vinkristini ni kinyume: kitambaa cha moto kidogo, ili itawanyike na mwili uiondoe. Kubadilisha hizo mbili kunaweza kuzidisha kidonda. Kwa doksorubisini kuko pia dawa ya kuipinga, deksrazoksane, lakini inapaswa kuanza ndani ya saa 6, na ni ya bei kali.

Mbona haraka vile? Doksorubisini inajishika ndani ya chembe za mwili. Chembe ikikufa, inaiachilia, nayo inaingia kwa jirani. Kwa hiyo siku ya kwanza ngozi inaweza kuonekana muzuri, na kidonda kikafunguka siku ao juma kadhaa kisha, wakati mama amekwisha kurudia Sandoa. Hapo watu wanafikiri ni jipu na wanalipasua.

Mama, ukiona ngozi inageuka nyeusi, inapata malengelenge ao maumivu yanazidi pale ulipotobolewa, usiweke majani wala usikubali kupasuliwa. Enda kwenye santé na karatasi yenye jina la dawa, na wapigie simu wale waliokutunza. Wakati mwingine sherti munganga wa upasuaji atoshe nyama iliyokufa.