Masjala ya Mahakama: Swali la Kwanza Siyo "Mali Iko Wapi?"

Nyumbani wakishajua uko chuo kikuu, basi mirathi ikitokea wewe ndiye unatumwa mahakamani. "Nenda ukaulize, si umesoma?" Wengi wetu tunafika pale hatujui hata dirisha la kugonga. Pa kuanzia ni masjala, yaani ofisi ya karani inapofunguliwa na kutunzwa mafaili ya mashauri. Likizo iliyopita nilimsindikiza ndugu katika Mahakama ya Mwanzo, nikakaa kwenye benchi nikisikiliza. Mazungumzo ya karani na mama mmoja mjane yalinifundisha mengi.

Mama aliingia na bahasha iliyojaa karatasi, anatazama huku na huku. Karani, kijana tu, akasimama. "Shikamoo mama, karibu ukae. Nikusaidie nini?"

"Marahaba mwanangu. Mume wangu amefariki. Benki wamenikatalia hela zake, wanataka barua ya mahakama. Ila kiwanja kiko Dodoma, shemeji anasema niende huko."

Karani hakugusa bahasha. Aliuliza, "Pole sana mama. Marehemu alikuwa anaishi wapi?"

"Hapa hapa, mpaka anafariki."

"Basi umefika penyewe."

Hapo ndipo wengi hupotea. Mahakama ya Mwanzo hupokea maombi ya mirathi kwa kuangalia mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu wakati wa kifo. Kiwanja kinaweza kuwa Dodoma na shamba Kilosa, lakini ombi ni moja tu. Ukifungua kwingine kwa sababu mali iko huko, ndugu anaweza kupinga na shauri likafutwa baada ya miezi ya kuhangaika.

Swali la pili: marehemu aliishi kwa taratibu gani? Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Mama alijibu kwamba mumewe alikuwa Mwislamu, wakafunga ndoa kwa shehe. Ingekuwa maisha yake hayakufuata mila wala Uislamu, karani angemwelekeza mahakama ya ngazi ya juu. Ndiyo maana swali hili huulizwa kabla ya fomu. Wosia nao, kama upo, utajwe hapo hapo mwanzoni.

Sasa bahasha ikafunguliwa. Ndani kulikuwa na kibali cha mazishi. Karani akaeleza taratibu kwamba hicho hakitoshi, kinachotakiwa ni cheti cha kifo kinachotolewa na RITA. Akamwambia pia alinganishe jina lililo kwenye cheti na lililo benki. Kama majina yanatofautiana hata kwa herufi, alisema, kiapo kitahitajika, na ni afadhali kuligundua hilo leo kuliko mbele ya meneja wa benki.

Kulikuwa pia na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mama alisema, "Hapa wameshaniteua." Karani akatabasamu. "Wamekupendekeza, mama. Anayeteua ni mahakama." Muhtasari huonyesha nani walihudhuria na walikubaliana nini, ila peke yake haumpi mtu mamlaka ya kutoa hata shilingi benki.

Basi hatua zikawa hivi. Ombi hujazwa kwenye Fomu Namba 1, pamoja na majina ya warithi wote. Usimwache mtoto wa nje kwa sababu ukoo haumpendi, maana akijitokeza baadaye uteuzi unaweza kutenguliwa. Ada hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mahakama, haiwekwi mkononi mwa karani. Kisha mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi aje. Siku ya kusikilizwa ikipita salama, hakimu humteua msimamizi kwa Fomu Namba 4. Hiyo ndiyo "barua" waliyoitaka benki.

Mama akauliza, "Kwa hiyo zile hela zitakuwa zangu?"

"Hapana mama. Utakuwa msimamizi. Utazikusanya, utalipa madeni, kisha utagawa kwa warithi, na wewe ukiwemo." Kazi haiishii kwenye uteuzi. Ndani ya miezi 4 msimamizi anatakiwa kurudisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, halafu hesabu za mgawanyo kwa Fomu Namba 6. Wengi wakishapata hela hawarudi, faili linabaki wazi, na ugomvi unaanzia hapo.

Mwisho mama aliuliza kama shemeji akipinga atashinda. Karani akakataa kwa upole: "Hilo ni la hakimu. Mimi nakuonyesha njia tu." Ndiyo mipaka yake. Atakuambia fomu gani, wapi na lini, lakini hawezi kukuambia nani ana haki. Karani akikuahidi ushindi, toka hapo ukatafute msaada wa kisheria.

Mama aliondoka na kikaratasi chenye mambo mawili: cheti cha kifo, majina ya warithi wote.