Kitambaa Kisichokunywa Maji

Kwenye vituo vya matatu vya Jogoo Road, alasiri ya mwezi wa Februari, kuna ishara ya mkono ambayo wanawake wengi wameizoea. Mkono unashuka kuvuta gauni lililonata mapajani, na hatua chache mbele gauni limerudi pale pale. Usiku, katika nyumba za Umoja, Kayole na Dandora, mtu akivua jaketi gizani husikia mlio wa tatata na kuona vimulimuli vya samawati. Wapo wanaosema ni baridi ya Nairobi, wapo wanaolaumu mtumba, na wapo wanaodhani stima ya nyumba imevuja. Ninavyoona mimi, mambo haya yote mawili, kunata na cheche, yana chanzo kimoja, nacho ni uhaba wa maji. Poliesta hainywi maji, na hewa ya kiangazi ya jiji hili haina maji mengi ya kuipa. Ukilishika hilo, unaweza kupima kila dawa unayopewa na jirani na kujua ipi itafaa.

Vitu viwili vikigusana kisha vikaachana, chaji kidogo ya umeme huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Hilo hutokea kwa kila kitambaa, pamba ikiwamo. Tofauti iko katika kinachofuata, yaani kama chaji hiyo ina njia ya kutoroka. Katika hewa ya kawaida, nyuzi za pamba hubeba maji yanayokaribia asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifikishi hata nusu ya asilimia 1. Chukua magauni mawili ya nusu kilo kila moja, yote makavu unapoyagusa: la pamba lina takriban gramu 40 za maji zilizojificha, la poliesta lina gramu 2 tu. Maji hayo ndiyo barabara ya chaji. Kwenye pamba hutawanyika kabla hujaitambua, lakini kwenye poliesta hukaa pale ilipozaliwa na kuongezeka kwa kila hatua unayopiga.

Sasa vaa gauni hilo la poliesta juu ya petikoti ya nailoni, kama wengi wanavyofanya. Nailoni huelekea kubaki na chaji chanya na poliesta chaji hasi, na chaji zinazopingana huvutana. Kila hatua inazisugua nguo hizo mbili, na kwa kila msuguano zinashikana zaidi. Kuvua petikoti peke yake hakumalizi shida, kwa sababu ngozi hupitisha umeme: chaji hasi ya gauni huita chaji chanya ijikusanye juu ya ngozi iliyo karibu, na gauni likanata mguuni. Ule mlio wa usiku nao ni hadithi hiyo hiyo. Unapoitenganisha nguo na mwili kwa haraka, nguvu ya umeme kati yake hupanda hadi maelfu ya volti, na hewa inapozidiwa, cheche huruka. Volti ni nyingi, lakini umeme wenyewe ni kidogo mno na hupita mara moja, kwa hiyo haukudhuru.

Ushahidi kwamba maji ndiyo kiini unapatikana bila maabara. Gauni hilo hilo likipelekwa Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima, hutulia. Likibaki Nairobi hadi mvua za masika za Aprili, hutulia pia. Kitambaa hakikubadilika, wala mshonaji. Kilichobadilika ni hewa. Alasiri za Januari na Februari unyevu wa Nairobi huwa chini ya asilimia 50, na hapo ndipo chaji inapokosa pa kupitia.

Mtu atauliza: mbona Julai, mwezi wa baridi na mawingu, jaketi bado zinalia? Swali ni la haki. Imani kwamba baridi huleta cheche inafaa zaidi nchi za Ulaya, ambako nyumba hupashwa moto wakati wa baridi na hewa ya ndani ikakauka sana. Nyumba zetu hazipashwi moto hivyo. Kinacholetwa na Julai ni nguo kuvaliwa juu ya nguo: sweta ya akriliki juu ya shati la poliesta, na jaketi juu yake. Tabaka zikiwa nyingi, misuguano ni mingi, na kila kuvua ni kutenganisha nyuso pana kwa mkupuo mmoja.

Wengine watasema suluhisho ni kuacha poliesta na kununua pamba. Sikubaliani. Pamba nzuri ni ghali, na poliesta hukauka haraka, jambo kubwa katika ploti ambako wapangaji wengi wanagombea kamba moja ya kuanikia. La busara ni kuweka pamba mahali inapohitajika: petikoti au fulana ya ndani ya pamba, gauni la poliesta juu. Ukiwa Gikomba na lebo imekatwa, omba nyuzi mbili tatu za ndani ya mshono uzichome mbali na marobota. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Dawa yenye nguvu zaidi ni kilainishi cha nguo, ile dawa ya maji yenye harufu nzuri inayouzwa hadi kwa pakiti ndogo madukani. Molekuli zake hung'ang'ania uzi kwa upande mmoja na kuvuta unyevu wa hewani kwa upande mwingine, hivyo poliesta inavikwa ngozi nyembamba inayoipa chaji njia. Itie kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usisuuze tena baadaye, maana utaiondoa. Siku ambazo mifereji imekauka, haikuongezei hata ndoo moja, na maji yanayobaki yanafaa kupigia deki. Usiitumie kwenye taulo wala jezi za michezo, kwani hupunguza uwezo wake wa kufyonza jasho na maji. Kwa gauni ambalo tayari linanata, changanya kijiko cha chai cha kilainishi na kikombe cha maji, nyunyiza kidogo upande wa ndani, na liache likauke. Jaribu kwanza kwenye pindo, lisije likabaki na doa.

Siki, ambayo husifiwa sana, siiamini kwa kazi hii: ikikauka huruka na haiachi kitu cha kushika unyevu. Glisirini ni tofauti, kwa sababu huvuta maji. Ipake miguuni asubuhi na ngozi haitakuwa kavu. Na usiache nguo juani mpaka ikauke kama kuni. Ianue jua linapopoa, na ukipiga pasi, iwe ya moto mdogo juu ya kitambaa chenye unyevu, kwani pasi kavu husugua na kukausha kwa wakati mmoja.

Kuhusu wale wanaoshuku stima, shaka yao isipuuzwe. Cheche ya nguo hupiga mara moja kisha huisha, na ukigusa tena pale pale husikii kitu. Ukigusa pasi, bomba au grili ya dirisha na mtetemo ukaendelea muda wote mkono ulipo, au ukampata pia mtu aliyekuwa amesimama tu, hiyo haitoki kwenye nguo. Zima swichi kuu na uite fundi wa umeme kabla mtoto hajagusa.