Kukokotoa Hesabu Isiyo na Mabano

Hesabu ya 20 ÷ (8 − 3) + 6 inahitaji mabano kwa sababu alama zake hukaa katikati ya namba. Kila alama ikiandikwa baada ya namba zake mbili, mabano hayana kazi tena:

```
20 8 3 - / 6 +
```

Mtindo huu ndio uliotumika katika HP-35, kikokotoo cha mfukoni kilichotoka mwaka 1972. Kinachohitajika ili kupata jibu ni rundo: namba hupangwa moja juu ya nyingine kama sahani, na iliyowekwa mwisho hutolewa kwanza. Mstari husomwa kuanzia kushoto. Ikija namba, huwekwa juu ya rundo. Ikija alama, namba mbili za juu hutolewa, hukokotolewa, na jibu hurudishwa rundoni.

Hapa 20, 8 na 3 zinaingia kwa zamu. Alama ya kutoa inachukua 3 na 8 na kurudisha 5, hivyo rundo linabaki na 20 na 5. Kugawanya kunaleta 4. Kisha 6 inaingia, zinajumlishwa, na inabaki 10 peke yake. Hilo ndilo jibu.

Pa kuwa makini zaidi ni kwenye kugawanya na kutoa. Namba inayotoka kwanza ndiyo iliyoandikwa mwisho, kwa hiyo ndiyo inayogawanya:

```
b = rundo.pop()
a = rundo.pop()
rundo.append(a / b)
```

Mpangaji programu akizigeuza a na b kwa alama zote, kujumlisha na kuzidisha havitamwonyesha kosa, lakini mfano wa juu utampa 5.75 badala ya 10, bila onyo lolote. Ndiyo maana jaribio la `2 3 +` peke yake halitoshi. `8 2 /` hufichua kosa papo hapo, kwani jibu huwa 0.25 badala ya 4. Vilevile b ikaguliwe kabla ya kugawanya: mstari wa `7 4 4 - /` hauna sifuri hata moja, ilhali 4 kutoa 4 huizalisha njiani.

Mstari wenyewe unaweza kuwa umekosewa. Katika `5 +`, alama inakuta namba moja tu rundoni. Katika `5 2 3 +`, kazi inaisha na namba mbili zimebaki, 5 na 5, na programu inayosoma ya juu tu itatoa jibu la uongo. Kuhesabu namba na alama tangu mwanzo hakutoshi. `2 + 3` ina namba mbili na alama moja, idadi sahihi kabisa, lakini alama imewahi. Kwa hiyo ukaguzi hufanyika mara mbili: kila alama inapofika, rundo liwe na namba zisizopungua mbili, mstari unapokwisha, ibaki moja tu. Kanuni hiyo ya mwisho hunasa pia mstari mtupu, ambao huacha rundo bila kitu.