Salamu Kwanza, Mvua Baadaye

Mwingereza akisimama kituoni kando ya mtu asiyemjua huweza kumwambia, "Leo kuna baridi, sivyo?" Hatafuti habari, kwani baridi wote wawili wanaihisi. Mwanaanthropolojia Kate Fox, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu desturi za Waingereza, ameeleza kuwa maneno hayo ni njia ya kufungulia mazungumzo, na anayeambiwa hutarajiwa kukubali. Akipinga, huonekana amekosa adabu.

Kwetu mlango huo hufunguliwa kwa salamu. Hapa Dirma, Waislamu wakikutana hutanguliza "Assalamu alaykum"; na kijana yeyote anayemkuta mzee njiani humwamkia "Shikamoo", akajibiwa "Marahaba". Kisha hufuata habari za nyumbani, za watoto, za mifugo na za shamba. Hapo kwenye shamba ndipo jua na mvua hupata nafasi yao. Kijana akianza moja kwa moja na "Leo jua kali", ataeleweka, lakini huenda mzee asiligusie jua kabisa, bali amuulize, "Hujambo, mwanangu?" Swali hilo linamrudisha mlangoni ili aingie upya.

Tofauti haiishii kwenye utaratibu. Wakulima wengi wa mahindi na maharage wa Hanang na Mbulu hutegemea mvua za kati ya Novemba na Mei. Kwa hiyo "Huko kwenu imenyesha?" ni swali la kweli, na anayeulizwa hutakiwa kueleza: imenyesha siku ngapi, udongo umelowa mpaka chini au juu tu, na je, watu wameanza kupanda? Mvua huweza kunyesha upande mmoja wa kilima na kuuacha upande wa pili mkavu, hivyo jibu la jirani lina uzito. Mtu akisema "Ndiyo, imenyesha vizuri" kwa kutaka tu kumfurahisha mwenzake, huyo mwenzake aweza kupanda mapema, mbegu zikaota kisha zikakaukia ardhini. Kule kukubali ndiyo adabu; huku adabu ni kusema ilivyo.

Lipo pia jambo zito zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufika Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Kwa aliyefiwa siku ile, "Inaelekea mvua itanyesha" si maneno ya kupitishia muda.

Basi mzazi anapomfundisha mtoto kuamkia, amfundishe na mpangilio wake: salamu, habari za watu, kisha mvua. Na akiulizwa juu ya mvua, aseme alichokiona. Isipokuwa siku moja tu: akiona maji ya korongo yamegeuka tope zito na yanabeba miti, apige kelele kwanza. Siku hiyo salamu itasubiri.