Kwa Nini Gemu Moja Hukimbia Huku na Kutambaa Kule

Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitoa Space Invaders, mchezo wa kuwatungua wavamizi 55 wanaoshuka kutoka juu ya skrini. Mashine yake ilimsogeza mvamizi mmoja tu kila picha ilipochorwa upya. Kundi zima lilipokuwa hai, ilibidi picha 55 zipite ili wote wapige hatua moja. Wakibaki watano, picha tano zilitosha. Ndiyo maana waliobaki walikuja kwa kasi ya kutisha. Nishikado aliona hali hiyo inaunogesha mchezo, akaiacha.

Waliotunga michezo ya kompyuta za IBM hawakupata bahati hiyo. Kompyuta ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya megahezi 4.77, na wengi wao walipima mwendo wa michezo yao kwa kasi hiyohiyo. Zilipokuja kompyuta zenye kasi zaidi, michezo ile ikawa haichezeki, na watengenezaji wakaanza kuweka kitufe cha "Turbo" ambacho, pamoja na jina lake, kilitumika pia kuirudisha mashine kwenye mwendo wa polepole.

Kiini cha tatizo kimo ndani ya kila gemu. Gemu haitulii hata pale mchezaji asipogusa kitu. Inasoma vitufe, inakokotoa kila kitu kimefika wapi, inachora picha, kisha inaanza tena. Huo ndio mzunguko wa gemu, na kila picha inayochorwa huitwa fremu.

Tuseme mwanafunzi wa programu ameandika kwamba mpira usogee pikseli 5 kila fremu. Kompyuta yake inachora fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo mpira unakwenda pikseli 300 kwa sekunde na kuvuka dirisha la pikseli 1200 kwa sekunde 4. Anamtumia rafiki yake mwenye kompyuta kuukuu inayomudu fremu 30 tu, na huko mpira unachukua sekunde 8. Kwenye mashine ya fremu 144, safari ileile inakwisha kabla sekunde 2 hazijatimia. Programu ni ileile, haikubadilishwa hata herufi.

Dawa yake ni kuacha kuhesabu fremu na kuhesabu muda. Kila mzunguko, gemu hupima muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Muda huo ndio delta, nao huandikwa `dt`. Katika Pygame, maktaba ya Python inayopendwa na wanaoanza, kazi hiyo inakuwa hivi:

```python
dt = saa.tick(60) / 1000
x = x + 300 * dt
```

Hapa `saa` ni `pygame.time.Clock()` iliyoundwa kabla ya mzunguko kuanza. `tick` hurudisha milisekunde, na kugawa kwa 1000 kunazigeuza kuwa sekunde. Kompyuta ya fremu 60 itausogeza mpira takriban pikseli 5 kila mara, ya fremu 30 itausogeza takriban 10, na zote mbili zitafika ukingoni baada ya sekunde 4. Tofauti itakayobaki ni ulaini wa mwendo tu.

Wengi hunaswa hatua moja baadaye. `Rect` ya Pygame huhifadhi namba kamili tu na kukata desimali. Fremu zikiwa 500 kwa sekunde, hatua ya mpira ni pikseli 0.6. Ukijumlisha moja kwa moja kwenye `rect.x`, 100.6 inarudi kuwa 100, na mpira unaokwenda kulia hausogei kabisa. Ukienda kushoto, 99.4 inakuwa 99, yaani pikseli nzima kila fremu. Ukiona kitu kinakwenda upande mmoja haraka kuliko mwingine, anza kutafuta hapo. Nafasi itunzwe kwenye `x` yenye desimali, na `rect.x` ipewe thamani yake wakati wa kuchora.

Delta nayo ina hatari yake. Kompyuta ikikwama kwa nusu sekunde, fremu inayofuata itaurusha mpira pikseli 150 kwa mkupuo, na ukuta wa pikseli 20 utarukwa bila kuguswa. Kinga rahisi ni kuweka kikomo:

```python
dt = min(dt, 0.05)
```

Sasa mruko mkubwa kabisa ni pikseli 15. Gharama yake ni kwamba kompyuta isiyofikisha fremu 20 kwa sekunde itachezesha gemu polepole, lakini afadhali hivyo kuliko mchezaji kupenya ukuta.

Kabla ya kumpa mtu gemu yako, badilisha ile 60 iwe 30, kisha 120, na kila mara upime kwa saa ya simu mpira unavyovuka dirisha. Majibu yakitofautiana waziwazi, kuna mstari mahali fulani ambao haujazidishwa kwa `dt`.