5G Dirishani, 4G Chumbani

Shemeji yangu ana duka la vipodozi Kariakoo. Alipobadilisha simu aliongeza shilingi laki mbili na nusu juu ya bajeti yake, kwa kuwa muuzaji alimhakikishia kuwa hii ina 5G. Wiki tatu baadaye akaja nyumbani Jumapili, akaiweka mezani mbele yangu. "Shemeji, nimeuziwa kimeo. Jua halijazama chaji imekata, na hiyo spidi yenyewe naiona nikiwa dukani tu."

Simu haikuwa kimeo. Ilikuwa inafanya kazi mara mbili, na nusu ya kazi hiyo haikumletea faida yoyote.

Vodacom ilizindua 5G Tanzania Septemba 2022, na Safaricom ikaanza kuiuza Kenya mwezi uliofuata. Kama kampuni nyingi duniani, njia rahisi ya kuanza ni kufunga antena mpya za 5G kwenye minara ileile, huku 4G ikiendelea kushika usukani. Katika mpango huo simu yako haihami kutoka 4G kwenda 5G. Inabaki imeshika 4G kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unaidaka 5G pale inapopatikana. Redio mbili zinakula betri moja. Ndiyo maana hata alama ya 5G juu ya kioo haiaminiki sana: mara nyingine maana yake ni kwamba mnara ulio karibu unayo 5G, si kwamba video unayotazama inapitia huko.

Panapokuwa na mnara jirani, hilo si tatizo kubwa. Faili kubwa linashuka upesi, kisha redio inapumzika. Tatizo linaanzia pembeni, pale 5G inapofika kwa kunusia. Masafa yanayotumika zaidi kwa 5G duniani ni ya karibu megahezi 3,500, na masafa ya juu namna hiyo hayapendi kuta. Ukuta wa tofali unayapunguza, nondo na zege vinayapunguza zaidi, na bati linayarudisha yalikotoka. Kwa hiyo unakuta 5G ipo dirishani, lakini ukiingia chumbani inakatika, ukigeuka kitandani inarudi. Kila inapokatika na kurudi, simu inapima minara upya na kuunganisha upya, ikiwa mfukoni mwako na wewe huna habari.

Kuna na suala la kujibu. Mnara una umeme wa kutosha na antena kubwa, hivyo sauti yake inakufikia hata ukiwa mbali. Simu kwa kawaida ina nguvu ya moja ya tano ya wati tu ya kurusha jibu. Ishara ikiwa dhaifu, inalazimika kupaza sauti hadi mwisho wa uwezo wake, na hapo ndipo utaihisi imepata joto mkononi bila kucheza gemu wala kupiga picha.

Mwaka 2023 kampuni ya Ookla, ile inayopima spidi za intaneti, ilieleza kuwa 5G hula chaji zaidi ya 4G kwa asilimia 6 hadi 11. Huo ni wastani. Anayeshinda pembeni ya mtandao ana haki ya kutarajia zaidi ya hapo, hasa kama matumizi yake ni ya vijimeseji. Ujumbe wa WhatsApp ni mdogo mno, lakini kila unapoingia unaiamsha redio, na redio haizimiki papo hapo. Inasubiri kidogo, isije ikawa kuna kingine kinakuja. Mtu wa biashara anayepokea oda mia tatu kwa siku anaiamsha mara mia tatu, kwa mzigo ambao 4G ingeubeba bila kutoka jasho.

Tulifanya jaribio. Simu yake ni ya Samsung, kwa hiyo tuliingia "Connections", kisha "Mobile networks", kisha "Network mode". Jumatatu tuliacha "5G/LTE/3G/2G (auto connect)". Jumanne tukaweka "LTE/3G/2G (auto connect)", ambayo ndiyo 4G na zilizo chini yake. Siku zote mbili aliichomoa kwenye chaji saa kumi na mbili asubuhi ikiwa asilimia 100, akaenda dukani, akarudi nyumbani, ambako ni mwendo wa daladala mbili kutoka Kariakoo. Saa kumi na mbili jioni ya Jumatatu ilibaki asilimia 22. Jumanne, saa ileile, 37. Siku mbili za simu moja si utafiti, na sitamwambia mtu mwingine kuwa ndivyo itakavyokuwa kwake. Lakini kwake ilitosha kumfikisha saa tatu usiku bila kuomba chaja kwa jirani.

Jioni hiyo tulitazama pia nguvu ya mtandao. Simu nyingi za Android huionyesha kwenye "About phone", ndani ya "SIM status", kama namba hasi yenye "dBm". Karibu na -85 ni nzuri. Ikifika -115 unapumulia mashine. Usidanganywe na udogo wa tofauti hiyo: kila hatua ya kumi ni mara kumi, kwa hiyo kati ya hizo mbili ishara imepungua mara elfu moja. Sebuleni kwake namba ilikuwa inaruka kati ya -108 na -117.

Sasa, analipia nini hasa? Kwa kawaida bando la simu ni lilelile, uwe kwenye 4G au 5G. Unachozidishiwa ni bei ya simu. Na bando hilohilo huisha haraka zaidi, kwa sababu video ikiona njia ni pana hujipandisha ubora bila kukuuliza. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, saa moja ya ubora wa kawaida hula hadi GB 1, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Kwenye kioo cha inchi sita, sijaona cha kulipia hizo mbili za ziada.

Anayeagiza simu kwa mtu wa Dubai au Marekani ana hatari nyingine. Simu inaweza kuandikwa 5G kwenye boksi na isiifungue hapa, ama kwa kuwa haina masafa ya mtandao wako, ama kwa kuwa mtengenezaji hajairuhusu kwa mtandao huo.

Mahali ambapo 5G hafifu inalipa, kwa maoni yangu, ni kwenye kile kisanduku cha intaneti ya nyumbani. Kimechomekwa ukutani, hakijali chaji. Unakiweka dirishani upande wa mnara, hakitembei, na familia nzima inatumia Wi-Fi yake. Udhaifu wote wa 5G pembeni mwa mji unakuwa mdogo ukishaondoa betri na mkono unaotembea.

Shemeji bado anayo simu. Anaiacha kwenye LTE, na siku akitaka kushusha programu kubwa huwasha 5G akiwa dukani, kisha anaizima kabla ya kupanda daladala. Wewe ambaye hujanunua, azima simu ya 5G ya rafiki mwenye mtandao kama wako, ukae nayo saa mbili usiku kwenye kiti unachokalia kila siku. Ikionyesha 4G hapo, hizo laki mbili na nusu baki nazo.