Namba Moja Mahali pa Mbili

Chukua duka la viatu la mtandaoni jijini Nairobi linalotaka mteja alipe kwa M-Pesa bila kuhangaika kuandika namba ya biashara. Mteja anabonyeza "Lipa", simu yake inamwuliza namba ya siri, anaiweka, malipo yanakwenda. Kwa kazi hiyo Safaricom ina mfumo uitwao Daraja, unaounganisha programu za wafanyabiashara na M-Pesa. Mfumo huu una mazingira mawili. Ya majaribio yako kwenye anwani sandbox.safaricom.co.ke, na yale halisi, ambako fedha za watu zinatembea kweli, yako api.safaricom.co.ke. Mwandishi wa programu hujenga na kujaribu kwanza kule kwenye majaribio, na akisharidhika huhamia kwenye mazingira halisi.

Kuhama kwenyewe huonekana jambo dogo. Msimbo wa programu hauguswi. Kinachobadilishwa ni mipangilio tu, yaani anwani, namba ya biashara na funguo za siri. Lakini ni katika kubadilisha huko ambapo hitilafu iliyolala kwa miezi huamka, na inafaa kueleza kwa utulivu ni kwa nini majaribio hayakuiona.

Ombi linalotumwa Daraja kumdai mteja lina sehemu kadhaa, na mbili ndizo zinazotuhusu hapa. Ya kwanza, BusinessShortCode, huitambulisha biashara inayoomba. Ya pili, PartyB, hutaja namba inayopokea fedha. Kwenye majaribio watu hutumia namba ya mfano 174379, nayo hujazwa kote kuwili:

```
"BusinessShortCode": "174379",
"PartyB": "174379"
```

Mwandishi akiona namba ileile imejirudia, huamua kuihifadhi mahali pamoja, kwenye kile kinachoitwa kigeu cha mazingira. Hiki ni thamani ambayo haikuandikwa ndani ya msimbo. Programu huisoma kutoka kwenye kompyuta inayoiendesha, ili msimbo uleule uweze kufanya kazi mahali tofauti. Anakiita NAMBA_YA_BIASHARA, anakitumia kujaza sehemu zote mbili, anajaribu, na malipo ya mfano yanapita.

Kama duka lina Paybill, hata siku ya kuhama halitaona tatizo, kwa sababu namba moja ya Paybill hujaza kote. Duka letu la viatu lina Till. Kwa Till, BusinessShortCode hubeba namba ya duka lililosajiliwa, PartyB hubeba namba ya Till yenyewe, na hata aina ya muamala hubadilika kutoka CustomerPayBillOnline na kuwa CustomerBuyGoodsOnline. Namba zinazohitajika ni mbili na kigeu ni kimoja. Weka ndani yake namba yoyote upendayo, sehemu moja itabeba namba isiyo yake, na wateja watashindwa kulipa asubuhi ya kwanza ya biashara.

Hitilafu hii haikuzaliwa asubuhi hiyo. Ilikuwa ndani ya msimbo tangu siku ya kwanza, na majaribio yangeweza kurudiwa mwaka mzima bila kuigusa. Pale ambapo vitu viwili tofauti vimepewa thamani moja, hakuna jaribio linaloweza kukuambia kwamba programu imevichanganya. Ndivyo ilivyo pia kwa hazinadata. Kwenye majaribio programu huandika na kusoma mahali pamoja. Kwenye mazingira halisi ya mfumo mkubwa mara nyingi huandika kwenye hazinadata kuu na kusoma kwenye nakala yake, ambayo huchelewa kidogo kupata habari mpya. Mteja anahifadhi anwani yake, ukurasa unafunguka upya, na anaiona anwani ya zamani. Kwenye majaribio jambo hilo haliwezi kutokea.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Huna uwezo wa kubadilisha namba ya mfano ya Daraja, lakini unaweza kulikagua ombi kabla halijatumwa. Weka 111111 kwenye sehemu ya biashara na 222222 kwenye sehemu ya mpokeaji, kisha soma kilichoandikwa. Kigeu kimoja hakiwezi kubeba zote mbili, na kosa litajitokeza palepale mezani.

Namba za biashara angalau hufeli kwa kelele. Kuna mpangilio mwingine katika kazi hiihii ambao hufeli kimyakimya, nao ndio unaonitia hofu zaidi. Mteja akishaweka namba ya siri, jibu la mwisho halirudi papo hapo kwa programu iliyoomba. Daraja hulituma baadaye kwenye anwani iliyotajwa ndani ya ombi, katika sehemu ya CallBackURL. Anwani hiyo nayo hukaa kwenye kigeu cha mazingira. Sasa fikiria kila kitu kimebadilishwa siku ya kuhama isipokuwa mstari huo mmoja. Fedha zinatoka kwa mteja, zinaingia kwa duka, na jibu linakwenda kwenye seva ya majaribio. Seva hiyo ni nzima, inalipokea vizuri, haioni oda yenye kumbukumbu hiyo, inalitupa. Hakuna ujumbe wa kosa popote. Kwenye duka halisi oda inabaki "inasubiri malipo" huku mteja ameshika ujumbe wa M-Pesa unaosema amelipa. Ukiona fedha zipo na oda hazisogei, usianze kwa kuukagua msimbo. Nenda kwanza kwenye kumbukumbu za seva ya majaribio. Ukikuta majibu ya wateja wa kweli humo, umeshapata chanzo.

Vigeu vya mazingira vina mtego mwingine: kila kinachowekwa ndani yake ni maandishi. Hakuna namba, hakuna ndiyo wala hapana, ni herufi tu. Angalia mistari hii ya Python, inayotakiwa kutuma ujumbe mfupi kwa mteja pale tu kipengele hicho kinapowashwa:

```python
if os.environ.get("TUMA_SMS"):
    tuma_ujumbe()
```

Kwenye majaribio hakuna aliyekiweka kigeu hicho. Hakipo, kwa hiyo ujumbe hautumwi, na kila mtu anaona swichi inafanya kazi. Kwenye mazingira halisi msimamizi makini anaamua kukizima waziwazi na kuandika TUMA_SMS=false. Kwa Python, false iliyosomwa hivyo ni neno la herufi tano, na neno lolote lisilo tupu huhesabiwa kuwa ndiyo. Ujumbe unaanza kumiminika kwa wateja kwa sababu mtu aliuzima. Programu iliyoandikwa vizuri hulisoma neno hilo herufi kwa herufi, hukubali maneno mawili tu yaliyokubaliwa, na ikikuta kingine chochote, au isipokuta kitu, hukataa kuwaka. Kukataa kuwaka saa nne asubuhi, wahandisi wakiwa kazini, kuna hasara ndogo kuliko kuwaka na kukosea.

Vyeti vya dijitali, vinavyothibitisha kwamba seva unayozungumza nayo ndiyo kweli, huficha hitilafu kwa njia yake. Seva ya majaribio mara nyingi hutumia cheti ilichojitengenezea yenyewe, ambacho hakuna anayekitambua, hivyo programu hulalamika. Mwandishi aliyechoka huandika verify=False, uhakiki unazimwa, kazi inaendelea. Tangu hapo kila jaribio la mawasiliano salama ni sawa na kuujaribu ufunguo kwenye mlango uliobaki wazi. Mstari huo ukibebwa hadi mazingira halisi, programu itakubali kuzungumza na tapeli yeyote. Ukiondolewa siku ya kuhama, ndiyo mara ya kwanza uhakiki unafanyika, mbele ya wateja. Afadhali kuipa seva ya majaribio cheti kinachotambulika, au kuifundisha programu kukiamini cheti kile kimoja tu, na uhakiki ubaki umewashwa kote.

Daraja nalo lina cheti cha aina yake. Duka likitaka kumrudishia mteja fedha, nenosiri la mhusika aliyeidhinishwa hufungwa kwa siri kwa kutumia cheti cha M-Pesa, na kila mazingira yana cheti chake. Ukifunga nenosiri sahihi kwa cheti cha majaribio na kulipeleka kwenye mazingira halisi, ombi hupokelewa, kisha jibu linalofuata huja na namba 2001 na maneno "The initiator information is invalid". Ni jibu lilelile ambalo nenosiri lisilo sahihi huleta, ndiyo maana watu hubadilisha nenosiri mara tatu nne wakati nenosiri halina kosa.

Swichi za vipengele zilileta hasara inayojulikana kuliko zote. Tarehe 1 Agosti 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyoshughulika na biashara ya hisa, ilianza kutumia msimbo mpya kwenye seva zake 8. Fundi aliuweka kwenye seva 7 na kuisahau moja. Msimbo mpya uliwashwa kwa swichi iliyowahi kutumika kwa kipengele cha zamani, Power Peg, ambacho hakikuwa kikitumika tangu 2003 lakini hakikufutwa. Palipokuwa na msimbo mpya, swichi ilimaanisha jambo jipya. Kwenye seva ya nane iliamsha Power Peg, ikaanza kutuma maagizo ya hisa bila kikomo. Katika dakika kama 45 kampuni ilifanya miamala zaidi ya milioni 4 na hatimaye ikapoteza zaidi ya dola milioni 460. Wahandisi, wakidhani msimbo mpya ndio mbovu, waliuondoa kwenye zile seva 7. Swichi ilikuwa bado imewashwa, kwa hiyo hizo nazo zikaanza kufanya kama ya nane. Kabla soko halijafunguliwa mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zikitaja Power Peg, na hakuna aliyezichukulia kama onyo.

Msimbo mpya peke yake ungeweza kujaribiwa hadi jioni na usionyeshe hatari hii, kwa kuwa hatari ilitoka kwenye mchanganyiko uliokuwepo mahali pamoja tu, seva moja halisi yenye msimbo wa zamani na swichi mpya. Ndiyo maana swichi iliyostaafu haipaswi kupewa kazi nyingine, na msimbo wake ufutwe. Na baada ya kila usambazaji, kila seva iulizwe inaendesha toleo gani, kisha majibu yalinganishwe na kompyuta badala ya kumbukumbu ya fundi.

Kama wiki hii unahamisha programu kwenye mazingira halisi, chapa majina ya vigeu vyote vya pande mbili na uyaweke sambamba. Tafuta jina lililopo upande mmoja tu. Tafuta thamani zinazofanana ambazo zilipaswa kutofautiana, hasa anwani na funguo. Halafu fanya muamala mmoja wa fedha halisi kwa simu yako mwenyewe, na usiwafungulie wateja mlango mpaka oda hiyo isomeke kuwa imelipwa.